Dakika Moja ya Mlinzi

Mtaani walimwita Makasi, na jina likamganda. Alikuwa fundi televisheni, lakini sifa yake hasa ilikuwa hii: mpe filamu iliyorekodiwa hewani, atakurudishia filamu tupu, bila matangazo ya sabuni wala ya rangi za nyumba. Matangazo aliyachukia kama mchanga kwenye chakula. Zamani alikata kwa mkono, akisogeza picha mojamoja. Siku hizi ana programu ya kompyuta inayotafuta mahali skrini inapogeuka nyeusi na sauti kukatika; kipande kifupi kilichobanwa kati ya giza na giza inakihesabu tangazo, inakitupa. Tena rekodi ya awali, ile yenye matangazo, inaifuta papo hapo, maana diski yake hujaa kila mara. Aliacha hata kukagua, kwa majivuno yake.

Jumapili moja kituo kilirudia filamu ya zamani ambayo marehemu baba yake aliigiza mlinzi wa ghala. Dakika moja tu, jamani. Lakini ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani. Mama, ambaye macho yalishamzimika, alimwambia mwanawe kwamba picha hana haja nayo, anataka amsikie mumewe tu. Makasi akarekodi, akabonyeza kitufe cha kukata, kisha mashine ikaendelea kurekodi mechi ya mpira aliyoagizwa na mteja.

Asubuhi yake alimkalisha mama karibu na spika. Kwenye filamu, umeme wa ghala ukakatika, skrini ikawa giza, kimya. Mama akamshika mkono. Alikijua kipande hicho kwa moyo: kiberiti kinawashwa, mlinzi anauliza, "Nani hapo?", anawafokea wezi, giza tena.

Umeme ukarudi, wezi wakawa tayari wanakimbia.

"Ameshapita?" mama akauliza.

Makasi akairudisha nyuma, akaitazama tena. Giza, dakika moja, giza. Programu ingejuaje kwamba huyo si tangazo?

Akapiga simu kituoni. Wakamjibu kwa adabu kwamba walipewa ruhusa ya kuionyesha mara moja, nakala yao imeshafutwa, na kampuni iliyoitengeneza ilikufa zamani. Siku mbili alihangaika kuifufua rekodi, lakini mpira ulikuwa umeandikwa juu yake. Kilichookoka ni kipande kimoja: tangazo la sabuni, sauti safi kabisa. Alilisikiliza mpaka mwisho, akalia kama mtoto.

Siku ya tatu akaenda kwa mama, akaketi chini.

"Nimemkata, mama. Mimi mwenyewe. Hayupo tena popote."

Mama hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alipapasa kitambaa cha kiti. Kisha akamwomba aseme yeye yale maneno, kwa kuwa watu walikuwa wakisema sauti yake na ya baba yake zinafanana.

Makasi akakohoa, akajikaza. "Nani hapo?"

Mama akatega sikio. Akamwomba arudie, naye akarudia.

"Si yeye," mama akasema, akageuza uso ukutani.