Mbavu za Sajini Ocira

Nesi Abalo hakuwa mtu wa kupendwa, wala hakuomba kupendwa. Katika kambi ile ya polisi Kampala, wake wa askari walimwita mdomo mchungu. Lakini walikuwa wamemwona siku kuruta mmoja alipoanguka gwarideni kama gunia, naye Abalo akamkandamiza kifua mpaka akazinduka. Tangu hapo kambi nzima iliamini kwamba dawa ya moyo, moyo wowote, ni kukandamizwa.

Basi Sajini Ocira alipofika zahanati, mkono kifuani, jasho likimtiririka, mkewe Kulusum aliingia naye na amri zake.

"Sista, mufinye kifua! Unangoja nini?"

Abalo alimketisha Ocira sakafuni, mgongo ukutani, magoti yamekunjwa. Akamuuliza kama aspirini humdhuru au ana vidonda vya tumbo. Ocira akakana, na tusi juu. Abalo akampa kidonge cha aspirini akitafune, akamtuma mwenzake Helen kuita ambulansi na kuleta mashine ya kushtua moyo.

"Unamupa dawa ya kichwa, na moyo ndiyo inauma!"

"Mshipa wa moyo umeziba, na kidonge hiki huzuia damu isizidi kuganda, lakini moyo wenyewe bado unapiga. Mtu anayetukana hafinywi kifua. Sogea!"

"Huyu mwanamke anataka kuniulia bwana!" Kulusum aliwapigia kelele waliojazana mlangoni. Abalo alimchukia papo hapo, na hakuona haya.

Ghafla Ocira akanyamaza katikati ya tusi, kichwa kikalegea. Abalo akamwita, akamtikisa mabega, kimya. Ocira akakoroma mara moja, akatulia kidogo, akakoroma tena. Moyo ulikuwa umesimama. Abalo akamlaza chali, akaweka viganja katikati ya kifua, akakandamiza kwa nguvu na kwa haraka.

Kulusum akamdaka mkono. "Wacha! Si anapumua? Alipoumwa ulikataa, sasa amelala ndiyo unamuvunja!"

"Hiyo si pumzi, ni kukata roho!" Abalo akamsukuma kwa kiwiko, akarudia kazi. Ubavu ukalia ko! Hakuacha. Helen akabandika pedi za mashine kifuani, wakaondoa mikono, mashine ikashtua. Abalo akakandamiza tena, mpaka Ocira akaguna na kumsukuma mikono.

Hospitalini walimzibua mshipa. Kulusum naye, badala ya asante, akaenda kumshtaki Abalo kwa mkuu wa zahanati kwamba amemvunjia mume mbavu. Abalo aliitwa, akasikiliza, akamgeukia Kulusum.

"Moyo wa mumeo ulikuwa umesimama, nawe ukanishika mkono. Ungenishika zaidi kidogo, leo ungekuwa unakaa eda."

Mkuu akakohoa. Kulusum alitoka bila kuaga, na Abalo akadhani yamekwisha.

Jioni alimkuta mlangoni pa zahanati, uso umekunjwa vilevile.

"Bwana anarudi kesho," alisema Kulusum, kana kwamba anaanza ugomvi mwingine. "Akianguka nyumbani, wewe hutakuwa pale. Nionyeshe pahali pa kufinya."