Slaidi ya Pili

Kazini walimwita Rangi, kwa sababu aliwahi kubishana na meneja wa masoko siku nzima juu ya kijani kipi kinafanana na pesa. Ndiye aliyebuni matangazo ya app ya kuweka akiba, na mkataba wake ulikuwa unakwisha Ijumaa. Meneja alishasema wazi: posti mpya ya Instagram ikileta watu wengi kuliko ya mwezi uliopita, anaandikiwa mwaka mzima. Rangi ndiye aliyekuwa akimlipia mama yake kodi ya nyumba, kwa hiyo halikuwa jambo la mzaha.

Hiyo ya mwezi uliopita ilikuwa kazi yake pia. Slaidi nane za kutelezesha: andika matumizi yako, tenga kabla hujatumia, na ya mwisho, "Funga akiba yako miezi sita. Usiiguse!" Watu waliihifadhi, wakawatumia wenzao, wakapakua app kwa maelfu. Rangi alivimba kichwa, na nani asingevimba?

Ndipo Dada wa Simu, anayepokea malalamiko ya wateja meza ya jirani, akamvunja nguvu.

"Shoga, tangu posti yako ile, nusu ya simu zangu ni watu wanaolilia pesa walizofunga wenyewe."

Mchana ule Rangi hakula. Akatengeneza slaidi mpya: "Kabla ya kufunga chochote, weka akiba ya dharura unayoweza kuitoa siku yoyote." Akaipanga ya pili kwenye posti mpya.

Meneja alicheka. "Tuwaambie watu wasifunge? Sisi tutakula wapi? Ipeleke ya saba."

"Wengi hawafiki ya saba, bosi. Na anayeipita ya kwanza bila kutelezesha, Instagram inaweza kumrudishia posti baadaye ikianzia ya pili. Nataka waione hii."

"Basi itoe kabisa. Mkataba wako uko mezani kwangu, usinilazimishe."

Aliogopa, tusidanganyane. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Simu za wateja hurekodiwa na meneja ana ruhusa ya kuzisikiliza, basi akamwomba Dada wa Simu awafungulie moja ya asubuhi ile.

Sauti ya mwanamume, ya upole mno: "Mwanangu amelazwa, dada. Nahitaji pesa zangu leo."

"Pole, kaka. Umezifunga. Nakuandikia ombi, litachukua siku tatu."

Kisha: "Sasa nilikosea wapi? Nilifuata zile picha zenu moja moja. Sikuruka hata moja."

Meneja alikuna shingo, akaitazama meza.

"Ibaki ya pili," akasema, akatoka.

Rangi hakumuuliza juu ya mkataba. Maishani mwake hakuna aliyewahi kumtii neno kwa neno kama yule baba, na hilo ndilo lililomliza.