Sheria ya Konje Mlangoni mwa Kiwanda

Mtu akiniambia mapumziko ni zawadi ya tajiri, damu inanichemka hata leo na mvi zangu hizi. Nilikuwa karani wa kiwanda cha pamba Kasongo, enzi za Wabelgiji, na nilishajionea zawadi hiyo inavyotolewa. Ukitaka konje, ndivyo tulivyoita likizo, ulikwenda kwanza kwa kapita, msimamizi wa wafanyakazi, na kuku kwapani. Mkono mtupu haulambwi.

Siku moja direkta, Mbelgiji mkuu wa kiwanda, akaniita. Ofisi ya teritware, yaani serikali ya wilaya, ilitaka sheria za konje zibandikwe mlangoni kwa Kifaransa na Kiswahili, na mkaguzi alikuwa njiani. Pale kazini mimi tu ndiye niliyeandika lugha zote mbili. Karani wa ghala, kipenzi cha direkta, alijua hesabu tu. Basi direkta akasoma Kifaransa chake, nami nikaandika. Aliyemaliza mwaka mzima kazini ana haki ya konje yenye mshahara. Ombi lipite kwa kapita, aseme kama kazi inaweza kumwachilia, kisha direkta atie saini; akikataa, aandike sababu. Siku zisizotumika hupotea mwaka ukiisha, ila za mtu aliyezuiwa na kazi ya kampuni: hizo zinavuka naye hadi mwaka unaofuata, hazivuki zaidi.

Mpaka hapo mkono wangu ulikwenda vizuri. Ndipo akafika kwenye suala la watu wawili wanaotaka siku zilezile. "Andika: direkta ataamua apendavyo."

Kalamu nikaiweka chini. Nilijua apendavyo ni nini. Mashine yetu kubwa ilikuwa na mafundi wawili, na lazima mmoja abaki nayo. Wa kwanza alitoka upande wa Wamaza, nje ya mji. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliopita. Akaomba konje, akazuiwa kwa sababu pamba ilikuwa imejaa. Kwao kilio, yaani matanga, hakiondolewi bila mtoto wa kwanza, na huyo wa kwanza ndiye yeye. Dada zake walikuwa bado wamekaa chini, vichwa vimenyolewa, hawagusi jembe, na msimu wa kupanda unakaribia. Fundi wa pili alikuwa shemeji yangu, Mwislamu wa mjini kama mimi. Alitaka siku zilezile aende kula Idi na wazee wake Nyangwe. Ombi lake lilitangulia. Bata wake pia, alishafika kwa kapita.

"Ile neno siandike, Bwana," nikasema. "Aliyezuiwa mwaka jana atangulie. Kama hakuna aliyezuiwa, aliyeomba mbele. Wakiwa sawa, mwenye kazi ya miaka mingi."

"Ni wewe direkta hapa?"

"Hapana. Mi niko karani. Bwana aandike mwenyewe, basi."

Akawa mwekundu shingo nzima. Kingwana, Kiswahili chetu cha huko, alikijua cha kuamrisha tu, hakujua kukiandika. Mkaguzi alikuwa afike kesho. Mwishowe akasema, "Andika. Lakini mwaka huu, wewe hautoke hapa hata siku moja!"

Nikaandika, akatia saini.

Jioni shemeji alinikuta barazani kwangu, hakutoa hata salamu. "Weye mutu gani? Unamupa mugeni siku zangu za Idi?"

"Idi itarudi, shemeji. Mama ya yule hatarudi. Na bata umuulize kapita."

Alininunia miezi. Dada yangu naye akanionyesha mgongo. Nyumba ilikuwa chungu, na sikujuta. Fundi wa Wamaza alikwenda kwao, kilio kikaondolewa, dada zake wakarudi shambani mvua zikianza.

Mimi niliomba konje yangu kama wengine. Direkta alikataa kama alivyoapa. Nikamngoja aandike sababu, maana sheria ilimtaka. Ubishi wangu asingeweza kuuandika kuwa sababu, mkaguzi angeuliza, kwa hiyo akaandika: kazi nyingi ya kampuni. Nikamshukuru kwa adabu zote.

Mwaka uliofuata karani wa ghala, ambaye ndiye aliyeshika kazi yangu nisipokuwepo, aliomba siku za Noeli. Nilingoja ombi lake lifike mezani, ndipo nikaleta langu, siku zilezile. Direkta akacheka. "Yeye alikuja mbele."

"Ndiyo, Bwana. Lakini mimi nilizuiwa."

Akatazama mlango, pale karatasi ilipobandikwa na saini yake chini. Kisha akaomba kalamu yangu, akatia saini ombi langu.