Mwezi wa Nne Hatuna Hela

Baba aliingia kwenye ukandarasi akiwa tayari na mvi. Kabla ya hapo aliuza saruji, nondo na bati hapa Mbeya, akawa anawaona wakandarasi wanavyokuja dukani na magari mazuri, akaamini kwamba kazi ile inalipa. Hakujiuliza kwa nini wenye magari mazuri ndio waliokuwa wakikopa kwake. Mimi nilikuwa nimesomea ukadiriaji majenzi, kwa hiyo alipopata kazi ya kujenga bweni la shule moja binafsi kule Igawa, nikawa ofisi yake nzima: mkadiriaji, mhasibu, na mtu wa kutafuta miwani yake.

Mkataba haukuwa na malipo ya awali. Ili tuanze, ilibidi tuombe benki ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa zaidi ya kilichomo kwenye akaunti, na benki wakataka makadirio ya mtiririko wa fedha pamoja na maelezo yake. Majedwali pekee hayakuwatosha. Walitaka mtu awaandikie kwa maneno hela itaingia lini, itatoka lini, na ni kwa sababu gani tunaamini hivyo.

Niliandika kurasa nne, nikajivunia kila mstari. Kazi ya mwezi inapimwa mwisho wa mwezi. Mshauri wa mradi ana wiki mbili za kukagua na kutoa hati ya malipo. Bodi ya shule ina wiki nne za kulipa tangu hati itoke. Maana yake, jasho la mwezi wa kwanza linageuka kuwa hela katikati ya mwezi wa tatu. Na hata hapo haiji yote, kwa sababu katika kila hati wanazuia asilimia kumi. Nusu ya zuio hilo inarudi siku ya kukabidhi jengo, na nusu inasubiri muda wa kurekebisha kasoro upite. Mafundi nao wanalipwa kila Jumamosi, na fundi haelewi habari za wiki nne. Shimo kubwa kabisa lilikuwa mwezi wa nne wa ujenzi, tunaponunua mbao na bati za paa wakati malipo ya kuta bado yako njiani. Niliandika wazi: mwezi wa nne mkandarasi atakuwa na upungufu, na hiyo ndiyo sababu ya kuomba ovadrafti.

Baba alisoma huku akiguna. Alipofika kwenye upungufu akavua miwani.

"Hii nayo ni nini?"

"Ni upungufu, Baba."

"Naona. Nauliza inafanya nini humu. Unaenda kwa mtu kumwomba hela halafu unamwambia huna hela?"

Nikamwambia ndivyo kukopa kunavyokuwa. Akaniambia nimesomeshwa sana. Katika biashara yake ya miaka yote, mwenye kutaka mali kwa mkopo alivaa kanzu safi, akaagiza chai kwa watu wote, ndipo akataja shida yake kama jambo lililomjia akilini wakati huo huo. Akaniagiza nizibe kila shimo kwa mstari mmoja: mchango wa mmiliki. Nikamuuliza mchango huo unatoka wapi. Akasema hilo niachie.

Nilimwachia. Lakini kwenye sehemu ya dhana za makadirio nikaongeza sentensi moja: "Chanzo cha mchango wa mmiliki kitaelezwa na mmiliki mwenyewe." Baba hakuisoma. Sehemu ya dhana huwa haisomi. Anasema kama jambo halina uhakika hakuna haja ya kuliandika.

Ofisa mikopo aliisoma. Alikuwa dada mpole, mwenye ushungi uliopigwa pasi vizuri, na alifungua kurasa zetu taratibu sana.

"Hongera, mzee wangu. Kwa karatasi hii, hakuna mwezi unaopungukiwa."

Baba akatabasamu, akanitazama kwa jicho la nilikwambia.

"Sasa ovadrafti ni ya nini?"

Nilikaza macho kwenye kalenda ya ukutani, maana kicheko kilikuwa karibu. Dada akaendelea kwa adabu ile ile: na huu mchango wa mmiliki, mzee, unatoka wapi? Baba akakohoa, akasema kuna duka Iringa, Ipogolo. Leseni ya nani? Ya mama watoto. Basi dada akaturudishia kurasa: tulete makadirio yanayoonyesha upungufu wenyewe, au tulete barua ya mwenye duka.

Hapo kicheko kikaniisha. Duka la Ipogolo ni la mama. Alihamia kule kumuuguza bibi, bibi akatangulia mbele ya haki, mama akabaki na duka la sare za shule alilolianzisha kwa kuuza dhahabu zake. Mwezi wetu wa nne ulikuwa mwezi ambao mama hununua vitambaa kwa ajili ya shule kufunguliwa. Ukimchukulia hela mwezi ule, mwaka wake umekwisha.

Tulisafiri hadi Ipogolo. Njia nzima baba alizungumzia bei ya mbao. Mama alitupokea, akatulisha wali kwa kuku, akamwacha baba azunguke mbuyu mpaka alipochoka, ndipo akasema, "Nisomee hizo karatasi, mwanangu."

Nikasoma. Nilipofika kwenye mchango wa mmiliki, akanyoosha mkono kunisimamisha.

"Mmiliki ndiye nani?"

Baba akavuta sahani yake karibu.

"Kama ni mimi, mbona sijaambiwa? Na kama ni yeye, mbona hela ni yangu?"

Hakupaza sauti. Baba alikuwa anachambua kuku asiye na nyama tena. Nilimwonea huruma, na nilikuwa na hasira naye pia. Mama akasema barua haandiki. Akanywa chai yake, akatuaga mapema tusikose basi.

Kwa hiyo tukaurudisha upungufu kwenye makadirio, na benki wakatukubalia ovadrafti kwa sharti kwamba malipo yote ya bodi yapitie kwenye akaunti yao. Safari hii baba alisoma mpaka dhana. Alisoma pia mahali nilipoandika kwamba iwapo bodi itachelewa kwa mwezi mmoja, ovadrafti haitatosha, na mkandarasi atalazimika kutafuta fedha nyingine. Akauliza nyingine ipi. Nikasema hilo nakuachia wewe.

Bodi ikachelewa. Mwezi wa nne paa lilikuwa limesimama nusu, ovadrafti imefika mwisho, na Jumamosi ya mafundi inakuja. Baba alishinda ofisini akipanga upya risiti zilizokwisha kupangwa. Alasiri akachukua simu, akaweka karatasi zangu mbele yake, akampigia mama. Sauti ya simu yake huwa juu, nilisikia yote.

"Mama watoto, nimepungukiwa."

Mama akauliza, "Kiasi gani? Na itarudi lini?"

Baba akamsomea. Mishahara ya wiki mbili tu. Hati imeshatoka, bodi imeahidi mwisho wa mwezi, lakini hiyo ni dhana, aliongeza, wanaweza kuchelewa tena. Nilishtuka kumsikia akilitaja neno hilo. Mama akasema vitambaa atanunua nusu kwanza, atatuma jioni, na ni mkopo, si mchango.

"Ni mkopo," baba akasema.

Nilidhani wamemaliza. Kisha mama akauliza, kwa sauti ya chini kuliko zote nilizowahi kumsikia nayo:

"Miaka yote hii ulikuwa unaogopa kuniambia tu kwamba umepungukiwa?"

Baba akavua miwani.

"Ndiyo," akasema.