Kivuli Juu ya Hundi ya Nne

Uhasibu niliusomea jioni, hapa hapa Dodoma, katika darasa lenye karabai moja na kumbikumbi wengi kuliko wanafunzi. Mchana nilibeba mafaili, jioni nikabeba kichwa kilichokuwa tayari kimelala. Nikisema nilifaulu kwa kusinzia, msinicheke sana. Nusu ya darasa tulikuwa hivyo, na mwalimu wetu aliwahi kulala katikati ya sentensi akaimalizia alipoamka. Lakini cheti nilipata, na siku nilipokipata nilitembea Barabara ya Sita kama vile mji wote umejengwa ili nipite mimi.

Nilikuwa karani wa hesabu kwenye shirika la kukodisha matrekta. Bosi wangu alikuwa mama mmoja mhasibu, mkali wa namba, mpole wa kila kitu kingine. Alikuwa na desturi yake. Mwisho wa mwezi aliandika hundi zote kwa pamoja, akaziingiza kwenye daftari la fedha kama malipo yaliyokwisha kufanyika, kisha zile ambazo hakuwa na uhakika kama benki ina pesa za kuzilipa alizifungia kwenye sefu. Zilikaa humo zikisubiri fedha tulizokwisha kupeleka benki ziingie kwenye akaunti. Siku hizo hundi ya kutoka mkoani ilichukua muda kukubaliwa. Unaweza kusema ilikuja kwa miguu, na njiani ilisimama kila kijiji kusalimia. Kwa hiyo mtu akija kuulizia hundi yake, jibu letu lilikuwa moja: bado, subiri amana iingie.

Kisha ubinafsishaji ukatufikia. Wazee wengi walipunguzwa kazi, wakaandikiwa mafao. Asubuhi moja maofisa walishuka kutoka Dar es Salaam, wakasimamisha akaunti siku hiyo hiyo, wakapakia mafaili kwenye lori pamoja na sefu yenyewe, na hundi zilizokuwa ndani. Bosi aliwaeleza kuna bahasha ya hundi humo, wakamwambia asijali, zitagawiwa. Mashine ya kutolea nakala ilikuwa imeshabandikwa namba ya mnada, hakuna kuigusa. Bosi hakukubali karatasi yake ya mwisho, taarifa ya usuluhisho wa benki, yaani ile inayolinganisha daftari letu na hesabu ya benki, aliyoiandaa kwa ajili ya makabidhiano, iondoke bila nakala. Akanituma nimwite mpiga picha za pasipoti.

Mpiga picha akaja na kamera yake shingoni. Hakuwahi kupiga picha ya karatasi. Aliilaza kwenye ngazi ya mlango, akaizunguka kama anayempiga picha bwana harusi asiyejua kucheka, akachagua pembe, akabofya. Jua lilikuwa mgongoni kwake. Picha iliporudi ilikuwa ndogo kama kadi ya kliniki, na chini kulia, juu ya mistari kadhaa, kumelala kivuli cha kichwa chake. Bosi akaitia kwenye bahasha. Nikamwambia angalau mwandishi wa historia atajua mpiga picha hakuwa na upara. Akacheka. Tulikuwa bado tunacheka wakati ule.

Mwaka uliofuata nilikuwa nikimsaidia bosi kwenye kibanda chake cha daftari na kalamu karibu na soko. Asubuhi moja akaja mama mmoja wa makamo, khanga mbili, miguu na vumbi la Ihumwa. Alitusalimia kwanza kwa Kigogo, mbukwenyi, halafu kwa Kiswahili. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuniangalia usoni. Nilimfahamu. Alikuwa mke wa dereva wetu wa trekta, mzee mrefu aliyekuwa akinisalimia kila asubuhi kwa kuniita Profesa, kwa sababu ya lile darasa langu la jioni. Mzee alikuwa amefariki mwishoni mwa masika, nasi tulikuwa tumeshapata habari.

Alichokuja nacho ni barua ya Dar es Salaam. Mumewe alikuwa ameandika kudai mafao yake, na jibu lilisema daftari linaonyesha amelipwa: hundi ya shilingi laki nane na kumi na mbili elfu. Mzee aliapa kwamba hajawahi kuishika. Nyumbani hawakumwamini. Kaka zake wa Haneti walisema amekula peke yake. Mke naye, alituambia kwa sauti ya chini kabisa, aliungana nao. Sasa mzee hayupo, na yeye anataka kujua jambo moja tu: ililipwa au haikulipwa.

Bosi aliisoma barua mara mbili. Alikumbuka kuandika hundi nyingi za mafao mwezi ule, na wengi walichukua zao asubuhi ile ile zilipoandikwa. Ni ipi ilibaki kwenye sefu, hakukumbuka. Kisha akainuka, akatoa ile bahasha ya picha chini ya rundo la daftari.

Namba za kwenye picha zilikuwa kama chungu waliopanga foleni. Nikaenda kwa fundi saa wa jirani kuazima ile lenzi anayoibana kwenye jicho. Nikaibana. Bosi akaniambia nafanana na kinyonga aliyeteuliwa kuwa ofisa. Mama yule hakutabasamu, nami nikaanza kusoma.

Nilisoma, bosi akaandika, na kila mstari alimweleza mama yule maana yake, taratibu, bila kumfanya mtoto. Juu kabisa salio la benki la siku akaunti iliposimamishwa: milioni mbili, laki nane, elfu arobaini na tatu, mia moja hamsini. Chini yake amana zilizo njiani, yaani pesa tulizokwisha kuandika kwamba tumezipokea na kuzipeleka, ila benki bado hawajaziingiza. Zilikuwa mbili. Ya kwanza laki nne na kumi na tano elfu, hundi ya mteja wa mkoani. Ya pili laki mbili, elfu thelathini na nane na mia saba, fedha taslimu tulizopeleka jioni kaunta ikifungwa. Hizo huongezwa kwenye salio la benki. Zikaleta milioni tatu, laki nne, elfu tisini na sita, mia nane na hamsini.

Kisha zikafuata hundi ambazo hazijawasilishwa benki. Hizi ni kinyume chake: sisi tumeandika tumelipa, benki hawajaziona. Hizo hutolewa.

"Sikiliza, mama," bosi alisema. "Akaunti ilisimama siku ile. Hundi iliyopo kwenye orodha hii haikulipwa siku ile, na baada ya hapo isingeweza kulipwa. Isiyokuwepo, basi ililipwa kabla."

Mama yule akaitikia kwa kichwa. Nikasoma. Ya kwanza mafuta, laki moja na elfu ishirini na sita. Ya pili vifaa vya ofisi, elfu themanini na nane na mia nne. Ya tatu matairi, laki tatu na elfu arobaini, mia mbili hamsini. Ya nne nilisoma namba ya hundi tu, halafu kichwa cha mpiga picha kikaanza. Jina limezama. Kiasi kimezama. Jumla ya hundi nayo imezama. Niligeuza picha, nikaielekeza kwenye jua, nikaibana lenzi mpaka jicho likatoa machozi. Kivuli kile kilikuwa cheusi kuliko usiku wa Bahi. Chini yake kabisa, nje ya kivuli, ulibaki mstari wa mwisho: salio la daftari la fedha, milioni mbili, laki moja na thelathini elfu na mia mbili.

Nikasema haisomeki. Mama yule akashika ncha ya khanga.

Bosi hakuitazama picha tena. Alichukua kalamu. Kama juu ni hii na chini ni hii, alisema, basi kilichotoka katikati ni hundi zote nne. Akatoa: milioni moja, laki tatu, elfu sitini na sita, mia sita na hamsini. Akajumlisha tatu tulizozisoma: laki tano, elfu hamsini na nne, mia sita na hamsini. Akatoa tena. Nilikuwa nafanya hesabu hiyo hiyo kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilimaliza kabla yake, nikatamani nisingemaliza.

Laki nane na kumi na mbili elfu.

Akaiweka barua ya Dar es Salaam kando ya karatasi. Namba ile ile. Akahesabu upya kutoka chini kwenda juu. Ikarudi ile ile.

"Haikulipwa," bosi alisema. "Ilikuwa kwenye sefu yangu. Iliondoka na lori. Mzee hakuiona kabisa."

Nilidhani mama yule atafurahi. Nilikuwa tayari nimeandaa utani wa kumpeleka kwenye soda. Yeye alituliza mikono yake mapajani kama mtu aliyefika msibani akakuta ameshachelewa kuzika.

"Kwa hiyo alikuwa anasema kweli," alisema.

"Alikuwa anasema kweli, mama."

"Wiki ile ya mwisho aliomba chai ya maziwa. Hakuomba kitu kingine. Nikamwambia, kanunue kwa zile laki nane zako." Akakunja ncha ya khanga. "Akanywa ya rangi. Hakunijibu."

Lenzi ya fundi saa ilikuwa bado imebana jichoni, na sikujua niitoe au niiache. Bosi alimshika mkono, akamwambia kosa lilikuwa la ofisi, la desturi yake ya kufungia hundi, si la nyumba yake. Mama yule alimsikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza matangazo ya kijiji kingine.

Bosi aliandika orodha safi: amana mbili zilizo njiani, hundi nne ambazo hazijawasilishwa, namba ya ile ya nne, na hesabu inayoonyesha kiasi chake. Akasaini. Akaeleza kwamba hundi yenyewe imekwisha muda, hata wakiikuta kwenye sefu benki haitaipokea, kwa hiyo aombe nyingine kwa jina la msimamizi wa mirathi, aambatanishe orodha na barua yao wenyewe. Hatimaye pesa zililipwa, baada ya safari nyingi za mama yule, na zilipofika bei ya kila kitu ilikuwa imepanda.

Lakini siku ile orodha aliikunja bila kuitazama, akaomba picha. Bosi akamwambia picha haisomeki, watu hawataona kitu.

"Nataka kaka zake waione," alisema.

Bosi akampa. Mama yule akaishika karibu na uso, akapitisha kidole juu ya mafuta, vifaa na matairi asivyoweza kuvisoma, mpaka kwenye kile kivuli. Hapo akakituliza kidole.

"Ni hapa?"

Nikamwambia ndiyo, ni hapo.

Hakukiondoa. Watu walikuja kununua kalamu, wakaondoka, na kidole kilikuwa bado pale.