Kakao Niliyoianika Juu ya Mabati

Nilikuwa mwanafunzi wa kozi ya mazao ya biashara mjini Kasese, na kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko daftari langu. Walinituma Bwera kwa mafunzo ya vitendo, kwenye kikundi cha wakulima wa kakao. Huko nilikabidhiwa kwa mama mmoja Mkongo aliyekimbia kutoka upande wa Beni. Kikundi kilimpa kazi ya kutunza masanduku ya kuvundikia kakao, na tangu avuke mpaka hiyo ndiyo kazi pekee aliyowahi kupata.

Mimi nilikuwa na kipimajoto. Yeye alikuwa na mkono. Alitumbukiza kiganja chini ya majani ya mgomba, ndani ya punje zenye utelezi mweupe, akatulia kama anayempapasa mgonjwa.

"Leo iko na harufu ya pombe," aliniambia siku ya kwanza. "Kesho kutwa tutageuza, hewa iingie, pombe igeuke siki. Hapo njo itapata moto ya kweli."

Nami nilijua maelezo ya kitabuni: hamira hula sukari, kisha vijidudu vya siki hupandisha joto, na joto na siki vikiua kiini cha punje, ndani huanza kutengenezwa vitu ambavyo vikikaangwa vitanukia chokoleti. Nilimweleza yote hayo kwa kirefu, kwa sauti ya mwalimu. Alinisikiliza kwa adabu. Kila nilichosema mkono wake ulishakijua, na hilo lilinikera.

Siku ya sita tulitoa kakao, tukaitandaza kwenye mikeka juu ya vichanja. Mwalimu wangu alikuwa anakuja Ijumaa kuionja, na alama zangu zilitegemea kakao hiyo. Lakini kila mchana mawingu yalishuka kutoka Rwenzori, na punje zilibaki na unyevu. Jumatano yule mama akaitwa kwenye kilio cha nduguye ng'ambo ya mpaka. Kabla ya kuondoka alinishika mkono.

"Mutoto yangu, usiweke ku mabati hata kama jua inawaka. Ngozi itakauka mbio, siki itabakia mu ndani. Acha ipumue pole pole."

"Sawa, Mama," nilijibu.

Alhamisi jua likawaka kweli. Nilitazama mabati yaliyorundikwa kando ya ghala, nikatazama kakao, nikawaza alama zangu. Haraka haraka haina baraka, nimeimbiwa hivyo tangu utotoni, ila mwenye elimu mpya haamini methali. Nilizimwaga punje zote juu ya mabati. Jioni zililia vizuri nilipozibana mkononi, na rangi ilipendeza. Nikazirudisha kwenye mikeka kama vile hazijaondoka.

Ijumaa mwalimu alifika, na yule mama alikuwa amesharudi, amejifunga kitenge chake cha kanisani. Mwalimu alipasua punje kwa kisu: kahawia ndani, mipasuko mizuri. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akakaanga chache kwenye kikaango, akamenya, akatafuna, na uso wake ukajikunja. Alinipa moja. Ilikuwa chachu mpaka meno yakafa ganzi.

"Imekaushwa kwa pupa," alisema kwa Kiingereza. "Nani ameianika?"

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa pale, anasikiliza. Yule mama alikuwa pale pia, ila Kiingereza hakukijua. Nilimwelekeza kwa kidole, nikajibu kwa Kiingereza hicho hicho: "Ni yeye. Nilimkataza."

Alipoona nimemwelekeza na mwalimu amemgeukia, alidhani namsifu. Alitabasamu, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Aksanti sana."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, kwa kuwa hakuna aliyeifuatilia. Wiki iliyofuata masanduku alipewa mtu mwingine, na mimi nilipata alama nzuri kwa kutambua kosa. Naona haya kuandika sentensi hiyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya kurudi Kasese yule mama alinifuata mpaka stendi ya bodaboda. Hakuwa na hasira.

"Wamenitoa ku kazi, sijue sababu. Ule professeur alisema nini siku ile?"

"Alisema asante, Mama."

Alinipa kifurushi cha kitambaa. Ilikuwa kakao ya miti michache ya jirani yake, aliyoivundika mwenyewe kwenye kikapu na kuianika mkekani siku nane.

"Umupelekee. Akionja hii, labda atawaambia wanirudishe."

Sikuipeleka. Ningeipeleka, ningeulizwa ni nani aliyeianika. Nilikaa nayo chumbani mwezi mzima, kisha Jumapili moja nikaikaanga kwenye sufuria yangu na kuitafuna peke yangu, punje baada ya punje, mpaka ikaisha. Haikuwa na uchachu hata kidogo.