Wingi wa Mouse

Nilipangiwa kazi yangu ya kwanza katika shule ya sekondari wilayani Kondoa, miaka ile ambayo maduka yalikuwa yameanza kujaa tena sabuni, khanga na redio, na watu walikuwa wamezoea kununua nguo za mitumba bila kuona haya. Nilitoka Tanga, nilikuwa msichana mwenye cheti kipya cha ualimu wa Kiingereza, na sikumjua mtu yeyote kule. Mkuu wa idara ya Kiingereza ndiye aliyenipokea. Alikuwa mama wa makamo, Mrangi wa milimani, mwenye ushungi mweupe na sauti isiyopanda. Alinipa chumba nyumbani kwake mpaka nilipopata cha kupanga, na tangu siku ile nikamwita Mama, yeye akaniita mwanangu.

Wanafunzi walimwogopa kwa sababu ya jambo moja. Hakukubali wingi wa neno lolote la Kiingereza mpaka uwe umeliweka kwenye sentensi yenye kitenzi.

"Neno likiwa peke yake linakudanganya," aliwaambia kidato cha tatu siku ya kwanza niliyokaa nyuma ya darasa kumtazama akifundisha. "Lipe kitenzi uone kama litasimama."

Akaandika ubaoni *criterion*, akaandika *criteria*. Akawaambia hilo ni neno la Kigiriki, halichukui *s* ya Waingereza, limekuja na wingi wake kutoka Ugiriki. Mvulana mmoja akasoma kwa sauti, "This criteria is important." Mama hakumkemea.

"Kwa Kiswahili *criteria* ni nini?"

"Vigezo, Mwalimu."

"Haya, niambie: vigezo hiki ni muhimu."

Darasa zima likacheka, na mvulana naye akacheka. "Sasa umesikia," Mama alisema. "Huwezi kusema vigezo hiki, basi usiseme *this criteria*. Sema *this criterion is*, au *these criteria are*."

Ndivyo alivyofanya kwa yote. *Phenomenon* na *phenomena*, la Kigiriki pia. *Datum* na *data*, la Kilatini. Alijua kuwa siku hizo wengi walisema *the data is*, hata magazetini, na hakusema ni kosa kubwa, lakini kwenye karatasi ya mtihani alitaka *these data are*. *Mouse* na *mice*, ambalo si la kuazima, ni la Waingereza wenyewe tangu zamani, na ndiyo maana linabadilika tumboni badala ya mkiani. Na *sheep*, ambalo halibadiliki kabisa, kwa hiyo ni kitenzi peke yake kinachokuambia kama ni kondoo mmoja au kundi. Nilijifunza zaidi nyuma ya darasa lile kuliko chuoni.

Ilikuwa msimu wa vumbi, upepo unapopanda kutoka kwenye makorongo mekundu na kila unachokula kina mchanga menoni. Mama alianza kulalamikia kichwa. Alimeza aspirini, akafunga kitambaa, akaendelea kufundisha. Siku moja nilipita karibu na dirisha la darasa lake nikaona ubaoni kwa mwandiko wake mzuri: *This criteria is used.*

Nilidhani ni mtego kwa wanafunzi. Alikuwa na mitego ya namna hiyo. Nikasimama nisikie wakikosoa.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, si *these*?"

Mama akageuka akautazama ubao. Aliutazama kama mtu aliyefika nyumba ya watu akakuta viatu vyake mlangoni. Kisha akafuta neno moja tu, *this*, akaandika *these*, akaiacha *is* pale pale. Hakuna aliyecheka. Wanafunzi walitazamana, na mimi nikaondoka dirishani kabla hajaniona.

Wiki iliyofuata tulikuwa ofisi ya walimu, panya wakiwa wamekula boksi la chaki stoo. Mwalimu mkuu alikuwa na desturi ya kutuzungumzisha Kiingereza wakati wa chai. Mama akasema, kwa sauti yake ile ile ya utulivu, "I saw three mouses there."

Mwalimu wa hisabati akacheka akidhani ni mzaha. Mama naye akatabasamu, ila nilimwona macho. Hakujua tunacheka nini.

Jioni nilimfuata nyumbani. Mumewe, mzee mpole aliyekuwa akiuza mitumba sokoni baada ya chama cha ushirika kumpunguza kazi, alikuwa bado hajarudi. Nikamsalimia Mama, nikakaa, nikamwambia moja kwa moja, kwa sababu sikujua njia nyingine.

"Mama, leo ulisema *mouses*."

"Sikusema."

"Ulisema, Mama. Na wiki iliyopita uliandika *this criteria is*."

"Nimechoka tu, mwanangu. Kichwa kinaniuma."

"Hata mimi nachoka. Lakini wewe huwezi kukosea hayo hata usingizini."

Kisha akasema, "Basi nipime."

Ndivyo tulivyoanza. Kila jioni nilikaa naye uani, nikimtajia neno, naye akilitia kwenye sentensi. Jioni ya kwanza aliyaweza mengi. *Phenomena* lilimpotea, alisema *phenomenons*, akasita, akasema, "Hapana, siyo hivyo," lakini hakulipata lile sahihi. Jioni nyingine *bacteria* lilikwenda. Kisha *oxen* ikawa *oxes*. Kilichonitisha ni kwamba kanuni yenyewe haikumtoka. Maneno ya kawaida, *books*, *tables*, *girls*, aliyasema vizuri kabisa. Yaliyokuwa yakiondoka ni yale yasiyofuata kanuni, moja baada ya jingine, na pale lilipokuwa neno ilibaki *s* tupu, kama mtoto anayeanza kujifunza lugha. Kiswahili chake hakikuwa na kasoro. Kirangi alichozungumza na jirani hakikuwa na kasoro. Mtu yeyote aliyepita uani angemwona mama mzima anayechambua mchele.

Lakini nilianza kuona mengine. Mchele ulimwagika upande wa mkono wa kulia. Alilala mchana, yeye ambaye hakuwahi kulala mchana.

Mumewe alisema ni malaria. Kituo cha afya wakasema ni malaria, wakampa klorokwini, ikamwasha mwili mzima na kichwa hakikuacha. Jirani mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba kuna shule mpya ya binafsi inafunguliwa Dodoma, ya Kiingereza tupu, mwenye shule amemtaka Mama, na kwamba si kila mtu amefurahia. Mzee alilisikia hilo. Niliogopa asije akaamini karogwa, akampeleka kwa mganga.

"Mzee," nilimwambia, "tumpeleke Dodoma."

"Kwa ugonjwa gani? Tutamwambia daktari amesahau Kiingereza?"

"Ndiyo. Tutamwambia hivyo hivyo."

Tuliondoka alfajiri na basi. Mama alisinzia njia nzima akiwa ameegemea bega langu, kichwa kizito kuliko inavyostahili. Tulipofika nusu ya njia nilimsemesha, akajibu, lakini jibu lilichelewa.

Daktari alikuwa kijana, mtu wa Kanda ya Ziwa kwa lafudhi yake. Alimpima presha, akamwangalia macho, akamwonyesha kalamu na saa ataje majina, akataja. Akamuuliza siku ya leo, akamjibu. Akaanza kuandika dawa ya maumivu.

"Daktari," nikasema, "tafadhali muulize wingi wa *mouse*."

Aliinua uso akatabasamu, akadhani namtania. "Kwa nini?"

"Ni mwalimu wa Kiingereza tangu mimi sijazaliwa. Muulize, halafu mwambie aweke kwenye sentensi."

Labda alifanya kwa kunionea huruma. Akamuuliza. Mama akafikiri, uso ukakunjamana, akasema polepole, "Mouses. The mouses is in the house."

Daktari hakuendelea kutabasamu. Akamuuliza wingi wa *child*, neno ambalo mtoto wa darasa la tatu analijua. Mama alifungua mdomo, akaufunga. Machozi yakamtoka bila sauti.

Akaweka kalamu chini. "Mama, funga macho. Nyoosha mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, kama unapokea kitu."

Alinyoosha. Mkono wa kushoto ulibaki palepale. Wa kulia ukaanza kushuka taratibu, kiganja kikigeukia ndani, na yeye mwenyewe hakujua kuwa unashuka. Tulikaa tunautazama, mimi na mzee na daktari.

"Amewahi kujigonga kichwa?" daktari aliuliza.

"Hapana," alisema Mama.

Mzee akashtuka. "Ulijigonga. Ulipotoka kusimamia mitihani, kwenye lori. Uliniambia chuma cha turubai kilikupiga kwenye korongo, ukacheka."

Daktari alitueleza kwa Kiswahili chepesi. Huenda damu ilikuwa inavuja kidogo kidogo chini ya fuvu upande wa kushoto, ule unaoshika maneno na unaoendesha mkono wa kulia. Inakusanyika polepole, wiki baada ya wiki, inakandamiza ubongo. Ikiachwa, atasinzia siku moja asiamke.

Daktari wa upasuaji alimtoboa fuvu siku ile ile alasiri. Tulikaa kwenye benchi la nje. Alipotoka alituambia damu iliyotoka ilikuwa nyeusi kama oili chafu ya gari, na kwamba tungechelewa kidogo tu, yeye asingekuwa na la kufanya. Mzee alikwenda msikitini. Mimi nilibaki nikisubiri aamke, na kila muuguzi alipofungua mlango nilisimama.

Aliamka kesho yake. Siku kadhaa alichanganya majina ya watu, kisha yakatulia. Mkono ulipata nguvu, si zote. Nilirudi Kondoa kushika madarasa yake, na kidato cha tatu waliniuliza kila asubuhi habari zake kwa sauti za watu wanaotegemea kusikia mabaya.

Hakurudi kufundisha. Mwaka ule serikali ilikuwa inapunguza watumishi, naye akaomba awe mmojawapo. Walihamia Ipagala, pale Dodoma mjini, kwa binti yao. Nilipomtembelea nilimkuta barazani, ushungi ukificha kovu, akiwa mzima wa sura. Mwenye ile shule ya binafsi alikuwa amekuja mara mbili kumwomba, akasema hata nusu siku ingetosha.

"Kwa nini hukubali, Mama? Daktari kasema umepona."

"Nimepona. Yamerudi yote. Najipima mwenyewe, sentensi kwa sentensi." Alinimiminia chai kwa mkono wa kushoto. "Lakini wakati ule nasema *mouses*, mwanangu, lilisikika sahihi masikioni mwangu. Ndilo linalonitisha. Nitajuaje leo?"

Tulikunywa chai, tukazungumza Kiswahili habari za mvua, iliyokuwa imegoma kunyesha mwaka ule, na alipokuwa anasema nilijikuta nasikiliza kila neno lake kwa makini kupita kiasi. Aliligundua hilo, akaniomba niache.